Emoji 51 chini ya video ya viazi

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwake Isyonje, simu ameisogeza sikioni. Video ilikuwa imekwisha. Alichokuwa akisikiliza ni maandishi yaliyo chini yake, yale tunayoyaita kapsheni, na sauti ya simu ilikuwa inasema: "Moto. Moto. Moto. King'ora. King'ora." Ikafuata "wakulima wa", halafu "kiazi, kiazi, kiazi".

Mama mdogo haoni. Presha ya macho ilimmaliza polepole, lakini shamba hakuliacha. Wanawe ndio wanaobeba bomba mgongoni, ila siku ya kupiga dawa huipanga yeye. Simu yake imewashwa TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na kwa njia hiyo anafuatilia bei za viazi, matangazo ya misiba na mahubiri.

Nikamwambia nimsomee mimi.

"Ngoja, mwanangu, itafika tu."

Haikufika. Ilipokaribia kipimo cha dawa, sauti ilianza kutaja tarakimu mojamoja, kila moja ikitanguliwa na maelezo kwamba hiki ni kitufe. Akapitisha kidole kwenye skrini, ikanyamaza.

"Moto wa kwanza nimeuelewa," akasema. "Wa pili na wa tatu unaniambia nini?"

Nimekaa na swali hilo kwa wiki kadhaa. Kazi yangu ni kuhariri video za wafanyabiashara wadogo hapa Mbeya, na kila mteja lazima tufike kwenye hoja hii: emoji ngapi zinatosha? Nilikuwa nikijibu kwa kuangalia kama kapsheni inapendeza. Sikuwa nimewahi kuwaza jinsi inavyosikika.

Tuihesabu

Video hiyo ni ya kijana mwenye duka la pembejeo Uyole. Ni video nzuri, hilo niliseme mapema. Amesimama shambani kwenyewe, ameshika jani lenye madoa, anaeleza baka jani la viazi kwa utulivu, anaonyesha pakiti ya dawa. Kapsheni yake ndiyo hii. Namba ya simu nimeiondoa, lakini jua kwamba tarakimu zake zote 10 zilikuwa emoji za vitufe, kama zile za kipimo:

🔥🔥🔥🚨🚨 WAKULIMA WA 🥔🥔🥔 MPOOO 🫵🫵 😱😱 baka jani 🍂🍂 linamaliza shamba lako 😭😭😭 Dawa 💊💊 ni hii hapa 💪💪💯💯 pima gramu 5️⃣0️⃣ kwa bomba la lita 2️⃣0️⃣ 💦💦💦 rudia baada ya siku 7️⃣ ✅✅✅ Tupigie 👇👇📞 … Uyole Mbeya 🇹🇿🇹🇿🙏🙏

Maneno ni 25. Emoji, ukijumlisha na zile 10 za namba ya simu, ni 51.

Emoji mbili kwa kila neno.

Mwenye macho hazisomi zote. Jicho lake linaruka, linaokota "baka jani", linaokota "gramu", linaendelea na safari. Sikio halina uwezo huo. Sauti inakwenda kwa mstari mmoja, na kila emoji ina jina lake lililosajiliwa. Majina hayo husimamiwa na Unicode, shirika linalopanga herufi na alama za kompyuta duniani kote, na yametafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kimo. Majina mengine ni mafupi, kama moto au kiazi. Mengine ni maelezo kamili ya sura, kwa mfano uso unaopiga kelele kwa hofu, na ukiiweka mara mbili msikilizaji ataelezewa uso huo mara mbili. Simu hazifanani: nyingine hutaja kila emoji, nyingine huruka baadhi, nyingine hutumia majina ya Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Aliyeandika hawezi kujua msikilizaji wake ana ipi.

Ukitaka kusikia mwenyewe, ni rahisi. Kwenye simu nyingi za Android ingia Settings, kisha Accessibility, kisha TalkBack. Kabla ya kuiwasha, jua kwamba vidole vitabadilika kazi: kugusa mara moja kunasoma tu, kufungua kitu ni kugonga mara mbili, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Wengi hushtuka hapo wakidhani simu imeharibika. Fungua kapsheni yako, iguse, usikilize mpaka mwisho bila kuikatiza. Hiyo hali ya kutamani kuikatiza ndiyo ya kuangalia inaanzia neno gani.

Kwani wasioona ni wangapi?

Wiki ya kwanza nilijibishana na nafsi yangu. Nilijiambia kwamba mama mdogo ni mmoja, na kijana wa Uyole anauza kwa mamia ya watu wanaoona. Je, ni haki kumwambia abadilishe kila kitu kwa ajili ya msikilizaji mmoja wa Isyonje?

Kilichonigeuza ni kuanza kuwatazama wanaoona.

Nilikaa kwenye kibanda cha kahawa Mwanjelwa, jua la saa saba, na kumwomba mzee mmoja wa viazi anisomee kapsheni ile ile kwa simu yake. Ni simu ndogo, kioo kina ufa, na mwanga wa skrini ameupunguza ili chaji ifike jioni. Alianza na "wakulima wa", akasita, akasema hapa kuna viboksi. Vilikuwa viboksi viwili vitupu. Ile 🫵, kidole kinachomnyooshea msomaji, iliingizwa kwenye orodha ya emoji mwaka 2021. Simu ambayo mfumo wake ni wa zamani na haujasasishwa haina picha yake, hivyo inaweka kiboksi. Kijana wa Uyole, mwenye simu mpya, hawezi kukiona kiboksi hicho hata siku moja. Kwake ni kidole. Kwa mzee, ni kitu kilichoharibika, na akaniuliza kama kapsheni ina virusi.

Akaendelea. Alipofika kwenye kipimo, alisoma "hamsini" vizuri. Nikamwuliza dawa inapigwa lini, kabla ya madoa au baada ya madoa kutokea. Akarudi juu, akashuka chini, akarudi tena.

"Hajasema," akanijibu.

Na kweli, hajasema. Hapo nilisimama kwa muda mrefu, maana nilikuwa nimeitazama kapsheni ile mara nyingi bila kuliona pengo hilo. Dawa iliyo kwenye video ni ya mankozebu, dawa ya kinga. Inakaa juu ya jani na kuzuia vimelea visiingie. Vikishaingia ndani ya jani, haivifuati huko. Kwa mkulima wa viazi, habari ya kwanza ni hii ya wakati. Unapiga kabla, hasa mvua na baridi vinapokaa siku kadhaa bila jani kukauka, hali tunayoijua vizuri kuanzia Isyonje mpaka kuelekea Kitulo. Ukingoja madoa ndipo ukanunue, umenunua kwa kuchelewa. Kijana anaijua habari hiyo kuliko mimi, na kwenye video ameisema. Kwenye kapsheni, mahali pa kuiandika pamekaliwa na 😱😱 na 😭😭😭.

Nadhani hili ndilo baya kuliko yote, na halionekani kirahisi. Emoji zinampa mwandishi hisia kwamba ameshasema. Ameweka hofu, kilio, misuli, alama ya mia kwa mia. Moyoni anahisi ujumbe umekamilika, kwa kuwa yeye anaujua ujumbe wenyewe. Zifute zote na usome maneno yaliyobaki: "Wakulima wa mpooo baka jani linamaliza shamba lako dawa ni hii hapa pima gramu kwa bomba la lita rudia baada ya siku tupigie Uyole Mbeya." Zao limetoweka. Vipimo vimetoweka. Kapsheni imebaki na mashimo pale pale panapotakiwa kitu kigumu.

Tarakimu ni jambo zito

Niseme zaidi kuhusu zile tarakimu za vitufe, kwa sababu wengi huzipenda na madhara yake yamejificha.

Ukiandika 50 kwa kibodi ya kawaida, umeandika herufi mbili. Ukiweka 5️⃣, kila tarakimu ni vitu vitatu vilivyounganishwa:

```
5️⃣ = U+0035 U+FE0F U+20E3
```

Cha kwanza ni tarakimu yenyewe, cha pili kinaiamuru ionekane kama picha, cha tatu kinachora fremu ya kitufe. Kwa jicho ni tano tu. Kwa simu, tano na sifuri zimetenganishwa na vitu vingine katikati, kwa hiyo hazijajiunga kuwa hamsini. Kisoma skrini kinazitaja mojamoja pamoja na maelezo ya kitufe, na msikilizaji anabaki kuunganisha kichwani: tano, sifuri, ni hamsini au ni tano kisha sifuri ya kitu kingine? Kwenye kipimo cha dawa ya shamba hilo si jambo la kubahatisha. Ukizidisha unaunguza majani na pesa, ukipunguza baka jani linaendelea.

Namba ya simu ndiyo mbaya zaidi. Kijana hunakili kapsheni zake na kuzituma kwenye makundi ya wakulima ya Wasapu. Huko, namba iliyoandikwa kawaida hubadilika rangi, unaigusa, unapiga. Ya vitufe haibadiliki. Inakaa pale inang'aa, na mteja lazima atafute kalamu au akariri tarakimu 10. Nilijaribu mbele yake dukani. Nilituma namba mara mbili kwenye simu yake, moja ya vitufe na moja ya kawaida, nikamwambia ajipigie. Alijaribu ile ya kwanza, akainua macho.

"Dada, miezi yote hii?"

Na 💊 nayo. Hicho ni kidonge cha mtu, cha kumeza na maji. Kukiweka jirani na sumu ya shambani, halafu pembeni matone ya maji, mimi nakiona ni hatari kwenye nyumba yenye watoto wanaojifunza kusoma kwa kutazama picha. Sina la kubembeleza hapo.

Imani inavyomomonyoka

Tuje kwa wanaoona vizuri, wana simu nzuri, na wanasoma haraka. Hao nao tunawapoteza, kwa njia nyingine.

Fikiria meseji na video ambazo sote tumeshazipokea. Mikopo ya dakika tano bila dhamana 💰💰💰✅✅. Mganga wa kurudisha mpenzi na kusafisha nyota 🔥🔥💯. Kujiunga na chama cha siri utajirike kabla ya Ijumaa 🚨🚨👇👇. Mkeka wa uhakika. Mamlaka ya Mawasiliano imetupa namba 15040 ya kuripoti meseji za kitapeli, na ukitazama unazozituma huko utaona zina mavazi yanayofanana. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tumejifunza kwa kuibiwa, sisi au jirani. Macho yakiona ving'ora viwili, noti tatu na vidole vinavyoshuka, mkono unapitisha kabla akili haijasoma.

Sasa kijana mwaminifu wa Uyole, mwenye duka lenye mlango na risiti, amejivika mavazi yale yale.

Ile ✅ ina shida yake ya pekee. Kwenye mitandao, alama ya tiki kando ya jina huonyesha akaunti iliyothibitishwa. Wanaoitaka bila kuipata huweka emoji ya tiki kwenye jina au kapsheni, na wasomaji wameshaujua mchezo huo. Kwa hiyo tiki tatu baada ya "rudia baada ya siku 7" haziongezi uhakika. Zinaamsha swali kwamba kwa nini huyu anajithibitisha mwenyewe.

Mwaka 2017 watafiti watatu, Ella Glikson, Arik Cheshin na Gerben van Kleef, walichapisha utafiti kuhusu vijiuso vya tabasamu kwenye barua pepe za kikazi kati ya watu wasiofahamiana. Waligundua kwamba tabasamu halikumfanya mwandishi aonekane mchangamfu zaidi, ila lilimfanya aonekane mwenye uwezo mdogo wa kazi. Barua pepe za ofisini si kapsheni za viazi, wala sitaki kulivuta jambo hilo mbali kuliko lilikofika. Lakini hali ya kutofahamiana ni ile ile. Rafiki yako akikutumia 😂 kumi, unamjua, unamsikia akicheka. Mkulima wa Makambako aliyekutana na video yako leo hana cha kukupima zaidi ya unavyoandika.

Na picha hazisomwi sawa. 😭 ile kwa vijana wa Kabwe ni kicheko cha kuvunja mbavu. Kwa shangazi zao ni msiba. 🙏 ni asante, ni tafadhali, ni pole, ni sala. Ukiziweka kando ya "linamaliza shamba lako", mkulima aliyepoteza ekari nzima msimu uliopita hajui kama unamlilia au unamcheka.

Hoja ya kijana

Nilimwendea dukani kwake, mchana ambao wateja walikuwa wachache. Nilimweleza. Hakukubali mara moja, na hoja zake zilikuwa na uzito. Ningekuwa mwongo nikizipitia haraka.

"Dada, watu hawasomi," alisema. "Wanapitisha kidole. Wakiona rangi ndiyo wanasimama."

Nikamwuliza wakisimama kwenye rangi wanaanza kusoma wapi. Tukafungua ukurasa wake kwenye simu ya msichana anayemsaidia dukani. Chini ya video inayocheza, mtandao hauonyeshi kapsheni yote. Unaonyesha mwanzo wake, mstari mmoja au miwili, kisha neno la kukualika ufungue zaidi. Mstari wa kwanza kwenye simu ile ulikuwa umebeba moto tatu, ving'ora viwili, "WAKULIMA WA" na viazi. Emoji moja inachukua upana wa karibu herufi mbili. Neno "baka jani", ambalo lingemsimamisha mkulima mwenye tatizo hilo hasa, lilikuwa limejificha chini, halionekani mpaka ufungue. Rangi ilikuwa imemsimamisha mtu mlangoni na kumziba mlango.

Alikaa kimya kidogo, akaja na hoja ya pili, na hii ilinisumbua zaidi.

"Kuna mama wengine kule kwetu Umalila hawajui kusoma vizuri. Kiazi wanakijua. Nikiweka kiazi, anajua video ni yake."

Hapo ana haki. Picha ya kiazi inafanya kazi ambayo maneno hayawezi kwa msomaji yule. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba emoji zote ni pambo. Kiazi kimoja kinataja zao, kwa anayeona na kwa anayesikia, na kama simu haikionyeshi, neno "viazi" lipo pembeni. Nilichomwuliza ni kile alichoniuliza mama mdogo: kiazi cha pili na cha tatu kinamwambia nini mama wa Umalila?

Kapsheni ile ilikuwa lumbesa, gunia lililopandishiwa kilemba juu mpaka hujui tena umenunua kilo ngapi.

Tulivyoiandika upya

Tulikaa kwenye benchi la dukani, akaandika yeye, mimi nikiuliza. Nilimzuia asifute emoji kwanza. Nilimwomba aandike maneno kana kwamba kibodi haina emoji kabisa, mpaka kapsheni isimame yenyewe. Ilituchukua muda, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye dawa, emoji hatukuzigusa. Alitaka kusema "piga mapema". Nikamwuliza mapema ni lini. Akasema kabla ya madoa. Basi andika hivyo. Kisha akakumbuka mwenyewe kwamba pakiti za kampuni tofauti zina vipimo tofauti, na kwamba gramu 50 ni za pakiti aliyoishika kwenye video. Tukaiongeza.

Ikatoka hivi:

Baka jani la viazi linaenea haraka mvua na baridi vikikaa pamoja. Piga dawa ya kinga kabla hujaona madoa. Kwa dawa hii ya mankozebu: gramu 50 kwenye bomba la lita 20, rudia baada ya siku 7 mvua ikiendelea. Ukitumia pakiti nyingine, fuata kipimo cha kwenye lebo yake. Duka la pembejeo Uyole, Mbeya. Simu: … 🥔

Emoji moja, mwishoni, na kila alichokuwa nacho mwanzo kimo, pamoja na vitu ambavyo havikuwamo. Sentensi ya kwanza inaingia yote kwenye sehemu inayoonekana kabla ya kufungua. Tukawasha TalkBack, tukaisikiliza pamoja na msichana wa dukani na mteja aliyekuja kununua mbegu za kabichi. Sauti ilitamka "gramu hamsini". Mteja akauliza kama siku saba zinahesabiwa hata kama mvua imekatika. Lilikuwa swali zuri, na lilitoka moja kwa moja kwenye kusikia.

Basi ni ngapi?

Nimeogopa kutaja namba kwa sababu video si moja. Lakini wateja wangu wanataka namba, na nadhani ni haki yao, hivyo nitasema ninayoishika sasa.

Kwa video yenye maelekezo, yaani dawa, mbolea, bei, tarehe, afya, fedha: moja mpaka tatu kwa kapsheni nzima, zote baada ya maneno, hakuna inayorudiwa, hakuna inayosimama badala ya neno. Ndani ya kipimo, bei, tarehe au namba ya simu: hakuna hata moja. Kwa tangazo la msiba au ugonjwa, mimi naacha kabisa, kwa sababu familia hutuma matangazo hayo kwa wazee, na siwezi kujua ni uso gani utakaosomwa kwa sauti sebuleni.

Kwa video ya burudani nalegeza. Shabiki wa Yanga akiweka 💚💛 na wa Simba akaweka ❤️🤍 wamesema timu zao, wamemaliza, na hakuna anayewadai kipimo. Hata hapo ningeomba ziwe mwisho wa sentensi, ili anayesikiliza apate kwanza habari ya mechi.

Namba hizi ni za kuanzia. Kinachoamua ni ile hatua ya kufuta zote na kusoma kilichobaki. Kama kapsheni inasimama, rudisha emoji moja na uiulize inaleta nini ambacho maneno hayajaleta. Kiazi kilijibu. Bendera ya taifa haikujibu, maana "Uyole, Mbeya" ilikuwa imeshasema. Na kwa vile kila bendera ni herufi mbili maalumu zilizounganishwa, kuna kompyuta zinazoonyesha TZ tu badala ya picha.

Na zile nyingine anazozipenda, moto na misuli na mia kwa mia? Tumezihamishia ndani ya video yenyewe, kama stika wakati wa kuhariri. Kule zinafanya kazi yake ya rangi kwa anayepitisha kidole, zinaonekana sawasawa kwenye kila simu kwa kuwa zimekuwa sehemu ya picha, na kisoma skrini hakizigusi. Kuna sharti moja: kwa kuwa kisoma skrini hakisomi chochote kilichochorwa ndani ya video, kipimo na namba ya simu lazima avitamke kwa mdomo pia, polepole.

Bado tunabishana kuhusu king'ora. Anataka kimoja mwanzoni mwa kapsheni, mbele ya maneno yote, na kanuni yangu inakataa. Ila kuna wiki ambazo mvua hainyamazi, jani halikauki toka asubuhi mpaka jioni, na baka jani linaweza kusafisha shamba la jirani kabla ya Jumapili. Wiki hiyo, king'ora kimoja ni habari ya kweli. Nimemkubalia kwa wiki za namna hiyo peke yake. Akikiweka kwenye punguzo la bei ya mbegu, nimemwambia nitapanda daladala mpaka Uyole tukifute wote wawili.